Vumbi Lisilooshwa na Mvua

Qabale aliingia shambani asubuhi na gauni safi, akatoka upande wa pili na pindo lenye rangi ya matofali. Alisimama ukingoni akalitazama pindo lile kwa muda. Mtu mwingine angelikung'uta akaenda zake kupika chai. Yeye hakulikung'uta, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha juzi, barabara ilikuwa bado tope tupu, na tangu mvua hiyo hakuna lori hata moja lililopanda kutoka Isiolo. Vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabara, lingetoka wapi?

Shamba lake lilikuwa kule juu, barabara inakopanda kutoka Isiolo kuelekea Timau, mahali ambapo ukigeuka nyuma unaiona nchi yote ya chini imelala kwenye joto lake mpaka Leparua, na wewe umejifunika shuka. Ni mahali pa ngano. Waborana wa Garbatulla wakifika pale huwa wanatetemeka na kuuliza watu wa huku wanaishi vipi. Qabale naye aliuliza hivyo mwaka wa kwanza. Mwaka huu wa 1985 hakuwa akiuliza tena.

Aliinama akashika shina moja. Chini ya suke, na tena pale jani linapolikumbatia shina, palikuwa na vipele virefu vya rangi nyekundu ya kahawia. Alipitisha kidole, kikatoka na unga. Alichovya pembe ya leso kwenye umande akalipangusa shina kwa nguvu. Unga uliondoka, lakini shina halikuwa laini. Ngozi yake ilikuwa imepasuka kwa urefu, kingo zimechanika na kusimama, na kidole kikipita kinakwaruzwa. Akajaribu shina la pili, la tatu, akaingia ndani zaidi na kujaribu tena. Upande wa chini wa shamba ulikuwa umeshambuliwa sana. Upande wa juu vipele vilikuwa vya kutafuta. Masuke ndiyo kwanza yalikuwa yametoka yote, na kila kitu bado kilikuwa kijani.

Alikaa chini palepale kwenye unyevu, akatukana kwa Kiborana, tusi ambalo mjane mwenye heshima zake hatarajiwi kulijua.

Tusi hilo lilikuwa na historia yake. Miaka miwili nyuma, mumewe Wario akiwa hai, walipanda ngano kwa mara ya kwanza. Watu wa ng'ombe wanajua vumbi jekundu. Kwao ng'ombe akirudi jioni mwekundu kuanzia kwato hadi nundu, maana yake ametoka kwenye ardhi ya chumvi, amelamba akashiba, na maziwa yatakuwa mazito. Kwa hiyo mashina yalipoanza kuwa mekundu, Wario alifurahi. Aliwaleta jamaa kuona. Shemeji yake Qabale, Godana, alipitisha mkono kwenye ngano akaipaka rangi ile kwenye fimbo yake kama baraka. Huo ndio ulikuwa ujinga wao, na waliufanya kwa moyo safi kabisa. Jane, bibi wa kilimo aliyetumwa na serikali, alipofika na pikipiki yake, ngano ilikuwa imeanza kuvunjika kiunoni. Hakuwacheka. Alikata shina, akawaonyesha ngozi iliyopasuka, akawaambia hiyo ni kutu ya shina, inakuja na upepo, inanyonya chakula kilichokuwa kinapanda kwenda kwenye punje. Akawaambia pia kwamba kuna kutu nyingine ya majani, ndogo, ya mviringo, inayokaa juu ya jani kama madoa ya chai na haichani ngozi hivyo. Mkishika shina likakwaruza, msingoje. Wanaume walitikisa vichwa kwa adabu. Qabale alishika lile shina mpaka Jane akaondoka.

Punje walizopata mwaka ule zilikuwa nyembamba, zimekunjamana, nyingine ni ganda tu. Mwaka uliofuata mvua ilikataa kabisa, ng'ombe wakafa mmoja baada ya mwingine, na Wario akaugua kifua akafa naye. Kilichobaki kwa Qabale kilikuwa binti yake Racho aliyekuwa shule ya bweni Isiolo, shamba lile, na ng'ombe mmoja mweusi aliyeitwa Gurati, ambaye alipita katika kiangazi kile kwa ukaidi tu.

Baada ya matanga Godana alikuja kutoka Garbatulla kusema kile ambacho ndugu wa marehemu husema. Mke wa ndugu yake atarudi nyumbani, atakaa ndani ya boma lake, na ng'ombe wake atakaa na ng'ombe wengine. Qabale alikataa. Walibishana mpaka wazee wakachoka, wakapitisha neno la katikati: apande mara moja zaidi. Ngano ikikubali, akae kwenye shamba lake na asisumbuliwe. Ikikataa, atafunga mizigo bila kuongeza neno. Godana aliafiki haraka, kwa sababu alikwisha kuiona ngano ya kwanza.

Sasa unaelewa kwa nini alitukana.

Alipomaliza kutukana alinyanyuka, akang'oa mashina machache, akayafunga kwenye leso, akaenda moja kwa moja kwa Marete.

Marete alikuwa Mmeru, mkulima wa ngano tangu ujana wake, mwenye trekta na bomba refu la kupulizia dawa linalofungwa nyuma ya trekta. Shamba lake lilipakana na la Qabale, kubwa mara nyingi zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Alimuuzia Qabale mbegu nzuri, akamlimia kwa wakati. Kasoro yake moja ilikuwa kwamba alizoea kuwa sahihi, na mazoea hayo yanamharibu mtu kimyakimya.

Aliyatazama yale mabua akiwa amesimama, hakuyashika. Alisema hiyo ni kutu ya majani, kila mwaka wenye mvua ipo, na yeye hajawahi kuipulizia kitu na bado kombaini, ile mashine ya kuvunia, inajaza magunia. Qabale akamwambia haiko kwenye majani tu, iko kwenye shina. Marete akacheka kidogo, akamweleza kwa upole kwamba mbegu hii ilitolewa kwa watu kwa sababu kutu ya shina haiiwezi. Ndiyo maana inauzwa ghali.

Qabale akajibu, "Labda kutu imejifunza, mzee. Hebu pitisha kidole."

Marete hakupitisha kidole. Alisema dizeli ni ghali, dawa ni ghali zaidi, na mama mwenye kashamba asianze kuwatia watu hofu wakati masuke yanatoka vizuri namna hii. Bomba lake la trekta halitatoka. Tena akamwonya asije akasambaza maneno hayo kwa wenye mashamba wengine, maana wenye kombaini wakisikia kuna ugonjwa hawatapanda kuja huku.

Qabale alirudi nyumbani akiwaka. Njiani alijaribu kuwa na shaka, maana mtu anapaswa kuwa na shaka anapobishana na mtu aliyelima miaka yote hiyo. Akafungua leso akapitisha kidole tena. Shina likamkwaruza. Shaka ikaisha.

Jane hakuwapo wa kumwamulia, alikuwa kwao Embu kwa likizo ya uzazi. Dawa ilikuwa Meru mjini, kwenye duka la wakulima. Na kitu pekee alichokuwa nacho Qabale ambacho mtu angeweza kukinunua kilikuwa kimesimama nyuma ya nyumba kinacheua.

Sitasema alifikiri sana. Aliyefikiri sana ni Akai, rafiki yake Mturkana aliyelima maharagwe upande wa pili wa kijito, aliyesikia uvumi akaja kabla hata Gurati hajafungwa kamba. Akai alimuuliza kama ana akili timamu. Ukiuza ng'ombe na kumbe ni madoa ya majani, utaenda kwa Godana mikono mitupu, na atakuonyesha kila siku mahali ambapo Gurati angelala. Qabale alisema anajua. Hapo Akai akasema mume wake ana pampu ya mgongoni, ile ya kupulizia mbuzi dawa ya kupe, na kama itaoshwa vizuri anaweza kuiazima.

Kesho yake Qabale aliteremka na Gurati mpaka soko la mifugo Isiolo. Bile, mfanyabiashara Msomali aliyemjua Wario, alimshika ng'ombe meno, akamzunguka, kisha akauliza kwa nini anauza mnyama aliyeshinda kiangazi. Qabale alimwambia ukweli. Bile alicheka mpaka akalazimika kushika kofia yake, akawaita wenzake waje wamwone Mborana anayeuza ng'ombe ili anunulie nyasi dawa. Wenzake wakaja, nao wakacheka. Qabale aliwangoja wamalize. Walipomaliza akawauliza kama wananunua au wamekuja kucheka tu, na Bile, ambaye hakuwa na ubaya, akalipa bei ya haki.

Hakugeuka nyuma alipoondoka. Gurati alilia mara moja. Qabale alilia pia, barabarani, waziwazi, bila kujifunika, na watu waliompita walidhani amefiwa.

Kwenye duka la Meru muuzaji alimwambia jambo moja, naye akalishika. Dawa hii haifufui kilichokufa. Inalinda kile ambacho bado ni kijani. Aliuliza ngano yake imefika wapi, na aliposikia masuke ndiyo yametoka, alimwambia akimbie.

Kulikucha hakuna upepo. Waliiosha pampu kwa sabuni na maji ya moto, wakaiosha tena, mpaka harufu ya dawa ya kupe ikaisha. Walijifunga leso mdomoni na puani. Akai alichota maji kijitoni na Qabale akabeba pampu, akipiga mpini wake chini juu, chini juu, akirudi kinyumenyume ili asipite kwenye ukungu wake mwenyewe. Alianza upande wa juu, palipokuwa na afya zaidi, kwa sababu ndipo palipokuwa na kitu cha kuokoa. Moyo ulimuuma kuuacha upande wa chini uwe wa mwisho, lakini alitaka kuvuna, hakutaka kujionea huruma. Mikanda ya pampu ilimchubua mabega. Upande wa pili wa uzio vibarua wa Marete waliegemea majembe yao wakitazama.

Walikuwa wamefika katikati Godana alipotokea kwenye njia, amejitanda shuka mbili na bado anatetemeka. Habari ya ng'ombe ilikuwa imemfikia akiwa Isiolo. Hakusalimia kwanza, na kwa mtu kama yeye hilo ni tusi tosha. Qabale akatua pampu chini, akashusha leso, akamsalimia yeye.

"Salaam aleikum, shemeji."

Godana aliitikia kwa sababu dini ilimlazimu. Kisha akauliza ng'ombe wa ndugu yake yuko wapi.

"Yuko ndani ya hii," Qabale akasema, akaigonga pampu.

Godana alisema maneno mengi, na mengine nitayaacha. Alisema Gurati hakuwa wa kuuzwa na mwanamke, alikuwa wa boma la Wario. Alisema ng'ombe anazaa, na nyasi inaliwa na ng'ombe, na huyu mama amegeuza dunia juu chini mbele ya watu wa makabila mengine. Akasema lile ni vumbi tu, kila mtu anaona, na hata Marete aliyekutana naye njiani, mtu aliyelima tangu zamani, amesema si kitu.

Qabale alimsikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wale wa sokoni. Kisha akamshika mkono shemeji yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akamvuta mpaka upande wa chini ambao dawa ilikuwa haijafika.

"Panguza," akamwambia.

"Nipanguze nini?"

"Hiyo vumbi. Panguza na shuka yako mpaka iishe. Kama chini yake shina iko laini, mimi leo hii naingia ndani kufunga mizigo, na utanichapa njia nzima mpaka Garbatulla, sitasema kitu."

Vibarua wakasogea kwenye uzio. Godana hakuwa na pa kukimbilia. Alipangusa shina kwa pindo la shuka, polepole, kama mtu anayesafisha mdomo wa mtoto. Shuka ikawa nyekundu. Akapitisha kidole gumba. Qabale aliona kidole kikisimama pale ngozi ilipopasuka. Godana alijua vidonda vya ngozi, alikuwa amelea mifugo maisha yake yote, na vumbi halimtoboi mnyama wala mmea. Akapangusa shina la pili.

Mwishowe akasema kwamba ikiwa ni ugonjwa, basi ni kudra ya Mwenyezi Mungu.

"Na dawa nayo pia Mungu ndiye alileta," Qabale akasema. "Wario alikufa na mimi nimekaa nikingoja. Hii ngano sitaingoja. Ukitaka kunisaidia, beba maji. Ukitaka kunikataza, simama mbali, hii kitu inawasha macho."

Hakubeba maji. Alisimama mbali. Jioni alipoondoka alimkumbusha kwamba neno la wazee liko palepale: ngano ikikataa, atakuja kumchukua. Qabale akamwambia njia anaijua.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Alirudia kupuliza kwa dawa iliyobaki, akawa anakagua mashina kila asubuhi kabla ya chai. Vipele vya zamani vilikauka mahali pake. Makovu hayakuondoka, ila kwenye sehemu za kijani hapakutokeza vipya vya kutisha. Usiku aliamka akisikiza pumzi ya ng'ombe nyuma ya ukuta, na kulikuwa kimya. Kimya hicho alikichukia kwa moyo wake wote.

Kwa Marete shamba liliwaka. Kwanza wekundu ulipanda kutoka chini hadi kwenye masuke, ukishika hata mashina yaliyo karibu na barabara, mpaka mbwa wake akipita shambani anatoka mwekundu. Halafu, ngano ilipoanza kukomaa, wekundu ukageuka mweusi. Mashina yakalegea, yakavunjika, na upepo mmoja wa kawaida tu ukalaza vipande vizima. Marete alipulizia hatimaye kwa bomba lake la trekta, na dawa ikalowesha kitu kilichokwisha kufa. Kombaini ilipopita kwake ilitoa makapi mengi na punje nyembamba ambazo ungezipeperusha kwa pumzi.

Alikuja kwa Qabale siku moja, akasimama mlangoni bila kofia. Qabale alimpa chai. Angependa kumwambia maneno fulani aliyokuwa ameyatayarisha tangu siku ile ya mabua, maneno matamu, makali, lakini alipomwona uso wake alikosa hamu. Alimweleza tu kwamba mbegu hii sasa isipandwe tena huku, Jane akirudi waulize nyingine.

Yeye mwenyewe hakupata ajabu. Upande wa chini ulimtoka karibu wote. Katikati palikuwa nusu kwa nusu. Upande wa juu, ule aliouanza kwa pampu ya kupe, ulisimama wima, na punje zake ukiziuma zilivunjika kwa mlio. Wenye kombaini hawakutaka kuingia kwenye kashamba kadogo, basi yeye na Akai walivuna kwa mundu, wakapiga ngano kwa fimbo juu ya turubai, wakapepeta na kufunga magunia.

Huko chini, habari zikisafiri hazibagui. Garbatulla ilisikia kwamba ngano ya kule juu imekufa yote, imekuwa nyeusi, Wameru wanalia. Godana akamshukuru Mungu kwa kumaliza ubishi. Akakusanya punda, akawatandika vizuri kwa kubeba miti na mikeka ya nyumba ya mke wa ndugu yake pamoja na vyombo vyake, akapanda kuja kutimiza neno la wazee. Alilala Isiolo, akafika asubuhi.

Qabale alimwona akipanda na msafara wake wa punda watupu, na akaelewa mara moja. Alihisi kicheko kikija, akakizuia, kwa sababu alitaka kulifurahia jambo hili taratibu. Alitoka nje akafunga mlango nyuma yake.

Walisalimiana, safari hii Godana akianza. Akamuuliza afya yake, akamuuliza habari za Racho. Kisha akasema kwa upole wa kweli kwamba amesikia yaliyotokea, kwamba hakuja kumsimanga, na kwamba boma lina nafasi. Afunge mizigo, punda wako tayari.

"Mizigo nimefunga," Qabale akasema.

Akamzungusha nyuma ya nyumba, mahali alipokuwa akilala Gurati. Magunia yalikuwa yamepangwa pale, yamejaa, yameshonwa midomo. Godana aliyatazama. Alimtazama yeye. Kisha akainama akatumbukiza vidole viwili katikati ya mshono, akatoa punje moja, akaiweka kwenye jino. Ikavunjika kwa mlio.

"Kinu cha Isiolo kinafungua mapema," Qabale akasema. "Nilikuwa nafikiria nitapata wapi punda. Anza na hayo makubwa, shemeji, na ufunge kamba vizuri."

Godana alisimama pale kidogo, mwanamume aliyesafiri safari ndefu akiswaga punda watupu. Kisha akavua shuka moja, akaikunja, akaiweka begani ili gunia lisimchubue, akainama.